Mafunzo Niliyopata kwa Kusoma Lebo za Vifaa vya Umeme Pichani

Zamani mtu alimletea fundi kifaa kikiwa kimeshaungua. Siku hizi anamtumia picha kabla hajalipa, na huo ni ustaarabu mkubwa. Picha inaingia simuni saa nne usiku: kitako cha birika, mgongo wa friji au tumbo la blenda, na chini yake maneno mawili tu, "Mjomba, nichukue?" Anayeuliza yuko Kariakoo au Darajani, au ana ndugu Dubai, London ama Tokyo anayefungasha mizigo, na muuzaji anataka jibu hapo hapo. Najua wengi mnaosoma hapa mmepanga kuagiza mali hii wenyewe na kuiuza. Basi hamtakuwa na mjomba wa kumwamsha kila usiku. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuunguza vitu vya watu.

1. Tarakimu isiyoonekana mara nyingi unaweza kuikokotoa

Lebo nyingi ni karatasi ya rangi ya fedha inayong'aa, na mpigapicha akiwasha mwanga wa simu, unang'aria palepale penye namba unayoitafuta. Mwambie azime mwanga wa kamera, ashike simu sambamba na lebo, kisha mtu mwingine amulike kwa tochi kutokea pembeni. Lebo nyingine hazina wino kabisa, maandishi yake yamefinyangwa kwenye plastiki nyeusi. Hizo zipakwe chaki kidogo na kupanguswa kwa kiganja, kifaa kikiwa hakijachomekwa. Chaki inabaki kwenye mikunjo ya herufi, na kila kitu kinasomeka.

Kuna picha huwezi kuipata upya, kwa sababu aliyeipiga ameshaondoka dukani. Mpwa wangu aliwahi kunitumia picha ya hita ya chumbani iliyokuwa inaenda kwa mteja wa Arusha. Nilisoma 230V, nikasoma 7.8A, lakini wati zilikuwa na doa la mwanga katikati: moja, kisha weupe, kisha sifuri mbili. Muuzaji alidai ni 1300. Kwa kifaa cha kupasha joto, wati ni volti mara ampea. Ukizidisha 230 kwa 7.8 unapata 1794, kwa hiyo iliyofichwa ni 8, na hita ni ya wati 1800. Ingekuwa ya 1300, ampea zingekuwa karibu 5.7. Mteja alitaka kuiendesha kwa jenereta ndogo, na wati 500 hizo zilizofichwa na mwanga zingeizima jenereta usiku wa kwanza.

Hesabu hii usiipeleke kwenye friji. Utakuta lebo imeandika 0.8A na wati 120, uzidishe 230 kwa 0.8, upate 184, useme lebo ni feki. Si feki. Mota ya friji huvuta mkondo ambao sehemu yake haigeuki kuwa kazi, hurudi kwenye nyaya, na wati huhesabu ile iliyofanya kazi tu. Kwenye birika, pasi, jiko na hita, hesabu inafunga. Kwenye kitu chenye mota, ampea zikizidi kidogo ni kawaida.

Na angalia nukta. Kwenye chaja, 0.5A iliyopoteza nukta pichani inakuwa 05A, na kuna mtu ataisoma tano.

2. Kistari ni kitu kimoja, mkwaju ni kitu kingine

Hili ndilo lililonifedhehesha. Jirani yangu alipata kompyuta ya mezani iliyotumika Marekani. Akanitumia picha ya kibandiko cha nyuma, nikaona 100-120/200-240V~. Macho yangu yaliruka moja kwa moja hadi 240. Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayejiona anajua, "Hiyo inafika mpaka 240, chomeka tu." Alichomeka. Kukalia mlio mkavu, moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya nyuma, na nyumba nzima ikanuka shombo. Hiyo ni harufu ya kapasita zilizopasuka, na ukishaisikia huisahau.

Lebo ilikuwa imesema kweli, ni mimi niliyeisoma vibaya. Kistari kati ya namba mbili kina maana ya kuanzia hapa hadi pale. Kifaa kilichoandikwa 100-240V~ kinapokea volti yoyote katikati ya hizo bila wewe kugusa kitu, na chaja nyingi za simu na kompyuta za mapajani ziko hivyo. Mkwaju, ule mstari ulioinama, unatenganisha thamani mbili ambazo kwa kawaida mtu lazima achague. Lebo ya jirani ilisema: ama 100 hadi 120, ama 200 hadi 240. Mgongoni mwa kasha palikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye 115 upande mmoja na 230 upande mwingine, na ilikuwa 115, ilivyoachwa na mwenyewe kule Marekani. Kusukuma kwa bisibisi kungetosha.

Tangu hapo nikiona mkwaju kwenye mstari wa volti naomba picha ya pili, ya upande wenye swichi. Isipoonekana swichi, sibahatishi. Kuna mashine zinazojichagulia zenyewe, na kuna nyingine ambazo swichi yake iko ndani ya kifuniko, na pichani zote mbili zinafanana.

Alama ya wimbi baada ya V, yaani ~, inamaanisha umeme wa ukutani, unaogeuka geuka. Mstari mnyoofu wenye vipande vitatu vya mstari chini yake ni umeme wa namna ya betri. Chaja ina vyote viwili: kwenye INPUT kuna wimbi, kwenye OUTPUT kuna ule mstari. Mtu akikupa picha ya chaja na kusema inatumia volti 19, amesoma mstari wa pili. Ya ukutani iko juu yake.

3. 50/60Hz haimaanishi kifaa ni cha dunia nzima

Nilipoanza kupokea picha za vitu kutoka Japani, nilifurahi kuona 50/60Hz karibu kila mahali. Nikadhani vimetengenezwa kwa ajili ya nchi zote. Kilichonishangaza ni kwamba Japani yenyewe ina umeme wa aina mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mashine za kuzalisha umeme za Kijerumani, za 50Hz, na Osaka ikanunua za Kimarekani, za 60Hz. Mgawanyo huo haujaondoka hadi leo: mashariki ni 50, magharibi ni 60. Kifaa cha Kijapani kinaandikwa 50/60Hz ili mtu akihama kutoka Osaka kwenda Tokyo kiendelee kufanya kazi. Volti kote huko ni 100. Tanzania ni 230 na Kenya ni 240, zote kwa 50Hz.

Chukua sufuria ya umeme ya kupikia wali, nzuri, nzito, ambayo mtu aliletewa zawadi. Lebo yote ni Kijapani lakini namba hazihitaji mkalimani: 100V, 50/60Hz, 600W. Mwenyewe akanunua adapta ya kubadilisha miguu bapa miwili kuwa plagi yetu ya pini tatu. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti inaziacha zilivyo.

Hesabu yake ndiyo inayotisha. Koili ya kupasha joto ikipewa volti mara mbili, wati hazizidi mara mbili, zinazidi mara nne, kwa sababu mkondo nao unaongezeka pamoja na volti. 230 ni mara 2.3 ya 100, na 2.3 mara 2.3 ni 5.29. Sufuria ya wati 600 inageuka jiko la wati 3170 hivi, likivuta karibu ampea 14. Wengi hudhani fyuzi ya 13A iliyomo kwenye plagi itawaokoa. Haitakatika. Fyuzi hiyo inabeba ampea 14 kwa muda mrefu bila shida, maana imewekwa kuulinda waya usiungue na haijui lolote kuhusu wali wako. Kinachokatika ni fyuzi ya joto iliyo chini ya sufuria, kama una bahati, na kama huna ni koili yenyewe pamoja na plastiki inayoizunguka.

Dawa ni transfoma ya kushusha volti, na hapo napo lebo inahitaji kusomwa. Transfoma nyingi madukani zinashusha hadi 110, kwa ajili ya vitu vya Marekani. Ukiipa sufuria ya 100V umeme wa 110, unapata wati 726 badala ya 600, na wali wa chini unaungua kila siku bila wewe kujua kwa nini. Tafuta iliyoandikwa 100V, na uwezo wake uzidi wa kifaa: kwa wati 600 mimi huchukua ya 1000VA. Ukijumlisha bei na uzito wake, hukumu yangu ni kwamba kitu cha kupasha joto cha 100V hakifai kuagizwa kuja huku, hata kikiwa cha bure.

Transfoma pia haigusi Hz. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa 120V~ 60Hz peke yake, ukikishushia volti, bado kinapata 50Hz. Blenda yenye brashi za kaboni haitajali sana. Feni ya mota ya kawaida itazunguka polepole zaidi na kupata joto kuliko ilivyokusudiwa, na saa ya mezani inayohesabu mapigo ya umeme itapoteza dakika kumi kila saa.

4. Birika lenye wati mbili linakwambia ukweli

"Mjomba, wameandika 1850-2200W. Ni ngapi sasa?" Swali zuri, na kwa miaka nilikuwa nalijibu kwa kusema chukua kubwa. Jibu lenyewe limo kwenye mstari wa juu yake, ule wa 220-240V~. Kwenye volti 220 birika linatoa 1850, kwenye 240 linatoa 2200. Ni koili ile ile moja. Kwa 230 ya Tanzania utapata karibu 2020. Na jioni mtaa wote ukiwa unapika na umeme umeshuka hadi 190, birika hilo hilo linatoa kama 1380, ndiyo maana maji ya chai ya magharibi yanachelewa kuliko ya alfajiri. Birika halijaharibika, usimpelekee fundi.

Unapopanga nyaya na ekstensheni, hesabu kwa namba kubwa. 2200 gawanya kwa 240 ni ampea 9.2. Ukichomeka na pasi ya 2400W kwenye ekstensheni hiyo hiyo ya 13A, unaongeza ampea 10. Ekstensheni nayo ina lebo yake, mara nyingi imefinyangwa mgongoni ambako hakuna anayepiga picha.

Maikrowevu nayo ina namba mbili, lakini za aina nyingine. Mlangoni wanabandika 700W kwa herufi kubwa. Hizo ni wati zinazoingia kwenye chakula. Mgongoni lebo inataja zinazotoka ukutani, ambazo zinaweza kuwa 1150 au 1200. Jenereta, inveta na uniti za LUKU vinahesabu za mgongoni. Ile 2450MHz iliyoandikwa hapo ni ya mawimbi ya ndani, haihusiani na 50Hz za umeme wako, kwa hiyo usishtuke.

Na sabufa iliyoandikwa 5000W P.M.P.O. kwa mbele? Geuza, piga picha mgongo. Mimi nimeona 40W.

5. Mraba ndani ya mraba unauliza habari za waya wa ethi

Nikiwa bado najifunza kazi, niliamini vile viboksi viwili, kidogo ndani ya kikubwa, ni nembo ya kampuni. Nilijiuliza kampuni gani hii inayotengeneza drili, redio, mashine za kunyolea na chaja zote. Sikumuuliza mtu, nikaendelea kujiona fundi.

Alama hiyo inasema kifaa kina kinga mbili kati ya umeme na mkono wako. Ya kwanza ni ile ya kawaida inayofunika waya na mota. Ya pili ipo nje ya hiyo, mara nyingi ganda lote la plastiki, ili ya kwanza ikipasuka mtu asipigwe shoti. Kwa sababu hiyo kifaa hakitumii ethi. Waya wake una nyuzi mbili tu ndani, na ukifungua plagi yake hutakuta ule wa kijani na njano. Fundi akikwambia wamekuibia waya wa tatu kwenye drili yenye alama hiyo, hajui alama. Na asiuongeze, kwa sababu ndani hakuna sehemu iliyotengwa ya kuufunga.

Chaja zenye alama hiyo hutengenezewa pini ya tatu ya plastiki tupu, na watu huniuliza kama ni feki. Si feki kwa sababu hiyo. Soketi zetu za Kiingereza zina vifuniko ndani ya matundu mawili ya chini, na pini ndefu ya juu ndiyo inayovifungua. Pini ya plastiki imewekwa kwa kazi hiyo tu.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaoua. Pasi, friji, mashine ya kufulia na birika la chuma kwa kawaida havina viboksi hivyo. Usitafute alama ya kukwambia kinahitaji ethi, mara nyingi kwenye lebo haipo. Kutokuwepo kwa viboksi ndiyo habari yenyewe: chukulia kwamba ganda lake la chuma linategemea waya wa kijani na njano.

Dada mmoja mwenye saluni alinitumia picha ya friji iliyotoka Ulaya. Lebo safi, 220-240V~ 50Hz, hakuna viboksi. Kwa lebo peke yake ningesema chukua. Nikaomba picha ya plagi. Ilikuwa ya pini mbili nene za duara, yenye vipande vya chuma ubavuni, na vipande hivyo ndivyo ethi ya Ulaya. Nikamuuliza wanaichomekaje hapo dukani. Akacheka: "Wanaingiza kalamu kwenye tundu la juu, halafu wanasukuma." Mnaijua hiyo, nyumba nyingi zina kijiti chake kando ya soketi. Kijiti kinafungua vifuniko, pini mbili zinaingia, taa ya friji inawaka, na vile vyuma vya ubavuni haviguswi na chochote. Friji inafanya kazi bila ethi. Siku kinga ya waya wa kompresa itakapochubuka, mlango wa friji utakuwa na umeme wa 230, fyuzi haitakatika, na mtu mwenye miguu peku kwenye sakafu yenye maji ya kuoshea nywele atakuwa ndiye ethi. Friji ilikuwa nzima na aliichukua, lakini plagi ilikatwa ikafungwa ya pini tatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na njano ukafungwa kwenye pini yake ya juu. Kisha tukapima kama soketi ya saluni yenyewe ina ethi, maana pini tatu ukutani hazithibitishi kuna waya nyuma yake.

Viboksi viwili vina mipaka. Havisemi kitu kuhusu maji. Habari za maji ziko kwenye herufi IP: IPX4, kwa mfano, ni kuvumilia maji ya kurushiwa kutoka pande zote, lakini si kuzamishwa. Drili yenye viboksi bila IP yoyote iliyonyeshewa haina tofauti na waya wazi. Na viboksi ni wino, yeyote anaweza kuvichapa.

6. Lebo isiyo na jina la mtengenezaji haisomwi

Lebo ya kweli ina jina la mtengenezaji au alama yake, namba ya modeli, volti, na wati au ampea. Ikikosa jina na modeli, hayo mengine yote hayana wa kuyajibia. Koili za kuchovya kwenye ndoo za kuchemshia maji, zile za pini mbili zisizo na viboksi, zisizo na ethi wala jina, sijapata kuona picha yake iliyonifanya nijibu "chukua".

Basi kabla hujatuma pesa, omba picha mbili: lebo nzima kuanzia pembe hadi pembe, na plagi. Muuzaji akikwambia lebo ilibanduka, mwachie kifaa chake.